Marekebisho mawili ni mangapi? Kumwagiza dizaina kwa barua pepe

Swali: Nauza asali Tabora, nataka dizaina wa Dar anitengenezee lebo ya chupa ya gramu 500. Aliyepita tulikubaliana “marekebisho mawili”, tukaishia kugombana. Safari hii niandike nini kwenye barua pepe?

Jibu: Ugomvi huanzia hapo hapo kwenye “mawili”. Wewe unahesabu rasimu, yeye anahesabu kila ujumbe unaomtumia. Leo unaomba herufi ziwe kubwa, kesho mwenzako wa dukani hapendi njano, na kwake hayo tayari ni mawili. Kwa hiyo hesabu kwa mkupuo: kusanya maoni ya wote, mtu mmoja ayatume kwa pamoja. Kosa lake mwenyewe, mathalani ameandika gramu 50 badala ya 500, lisihesabiwe. Na ukishaikubali rasimu halafu ukataka sura nyingine kabisa, hiyo ni kazi mpya, usimlaumu akikudai.

Tarehe nayo huteleza kwa sababu barua haisemi siku zinaanza kuhesabiwa lini. Dizaina hawezi kupanga lebo bila maneno kamili, namba ya bakodi na vipimo vya chupa. Pima chupa yenyewe kwa utepe, sehemu iliyonyooka tu, usikisie.

Mimi ningeandika hivi:

> Habari kaka,
>
> Naomba lebo moja ya chupa ya asali gramu 500, upana sm 18, urefu sm 7. Maneno, nembo na bakodi nimeambatanisha.
>
> Bei ni Sh 300,000: nusu kabla ya kuanza, nusu nikishaikubali rasimu ya mwisho, kabla ya kupokea mafaili.
>
> Rasimu ya kwanza ndani ya siku 5 za kazi tangu upokee malipo ya awali. Nitajibu ndani ya siku 3. Nikichelewa, tarehe zinasogea kwa siku hizo hizo. Kila mkupuo wa marekebisho utachukua siku 2.
>
> Mikupuo 2 imo kwenye bei; mkupuo ni maoni yetu yote yakitumwa kwa pamoja, na kosa lako halihesabiwi. Wa ziada Sh 30,000.
>
> Mwisho utanipa PDF ya kuchapishia, rangi za uchapishaji za CMYK, ziada ya mm 3 kila upande ya kukatia, pamoja na faili la kuhariri. Nikimaliza kulipa, haki za kuitumia na kuibadilisha lebo ni zangu.
>
> Nikisitisha baada ya rasimu ya kwanza, malipo ya awali ni yako.
>
> Ukikubali, nijibu hapa hapa.

Faili la kuhariri wengi hulisahau. Bila hilo, ukibadilisha namba ya simu mwakani utarudi kwake. Wapo wanaolitoza kando, ndiyo maana liulizwe sasa, bei ikiwa bado mezani.

Usitume hela kabla hajajibu kwa maandishi. Akikupigia mkapunguza bei au kusogeza tarehe, mwandikie jioni hiyo hiyo chini ya barua ile ile, mistari miwili inatosha, naye athibitishe.