Modeli inasema wateja wanafurahi, patroni anasema wanakimbia

*"Wakubwa, nina maoni karibu elfu mbili ya wateja, Kiswahili na Kifaransa ndani ya sentensi moja. Nimeyapitisha kwenye modeli ya hisia, ikasema saba kati ya kumi wameridhika. Patroni anacheka tu, anasema wateja wanakimbia. Nani kati yao anadanganya?"*

Mwamini patroni. Mimi niko Lubumbashi, na mwaka juzi nilimfanyia kazi ya namna hiyo mama mmoja anayepika chakula na kukipeleka kwa pikipiki hadi Kampemba, Katuba na Bel-Air. Maoni yote yalikuwa ya WhatsApp. Nilichukua modeli ya bure ambayo watu wengi huanza nayo, `nlptown/bert-base-multilingual-uncased-sentiment`, inayotoa nyota 1 hadi 5. Siku ya kwanza ilinipa picha nzuri kama yako. Mama aliitazama karatasi, akaniuliza: "Sasa mbona sufuria zinarudi zimejaa?"

Hebu tazama aina ya maoni tuliyokuwa nayo:

```
Merci mingi patron, bukari ilifika baridi
Service bien kabisa, tulingoya masaa tatu
Haiko mubaya
Hii sombe itatuua mama
```

Mtu wa hapa anayasoma bila kuhema. Mawili ya kwanza ni malalamiko, mawili ya mwisho ni sifa. Modeli iliyasoma karibu kinyume chake, na sababu yake inafaa uielewe kabla hujabadilisha chochote.

Modeli hiyo imejengwa juu ya BERT ya lugha nyingi, modeli ya jumla ya kusoma maandishi, na Kiswahili kimo kati ya lugha ambazo BERT hiyo ilisoma mwanzoni. Lakini somo la nyota ilifundishwa kwa maoni ya bidhaa ya lugha sita tu: Kiingereza, Kiholanzi, Kijerumani, Kifaransa, Kihispania na Kiitaliano. Kwa maneno mengine, Kiswahili imekiona kikipita, ila haijawahi kuonyeshwa mtu akinung'unika kwa Kiswahili. Ikikutana na sentensi iliyochanganyika, inashika kile inachokijua. Na sisi huku adabu tunaiweka kwa Kifaransa, ugomvi tunauweka kwa Kiswahili. Mersi, bravo na servisi bie zinatangulia, kisha kitenzi cha Kiswahili ndicho kinabeba kisu.

Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Chukua maoni ambayo unajua yamesomwa vibaya, ondoa neno moja la Kifaransa, yapitishe tena. Nilipofuta ile mersi kwenye mstari wa kwanza, nyota ziliporomoka, na bukari ilikuwa baridi vilevile. Neno moja la adabu likipandisha alama kiasi hicho, ujue modeli inapima adabu.

Usahihi wa jumla nao usikudanganye. Kama wengi kwenye data yako wamesifu, modeli inayosema "ameridhika" kwa kila mtu itapata alama nzuri bila kusoma hata herufi moja. Jiulize hivi: kati ya malalamiko ya kweli, imekamata mangapi? Nilichota maoni 200 kwa bahati nasibu, nikayasoma mimi na shangazi yangu aliyekulia Katuba, kila mmoja peke yake bila kuona majibu ya mwenzake. Baada ya kusuluhisha tulipotofautiana, malalamiko yalikuwa 74. Modeli ilikuwa imekamata 31.

Kati ya 43 yaliyoiponyoka, zaidi ya nusu yalikuwa ya aina ile ya adabu ya Kifaransa mbele na lawama ya Kiswahili nyuma. Kejeli halisi zilikuwa 9 tu. Nakuambia hili kwa sababu kila mtu anakimbilia kulaumu kejeli, wakati shida kubwa ilikuwa mchanganyiko wa lugha, na huo una dawa.

Dawa yake haikuwa kutafsiri. Nilijaribu kugeuza yote kuwa Kifaransa kwanza, nikakuta mtambo wa kutafsiri haujui Kiswahili cha huku. "Haiko mubaya" ilitoka mara nzuri, mara mbaya. Kuna pia mkusanyiko wa AfriSenti wa mwaka 2023, wenye twiti zaidi ya 110,000 za lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Ni kazi safi, lakini usitegemee kuwa mtu wa Twitter anaandika kama mteja wa Kampemba anayesubiri sombe.

Kilichosaidia ni kuweka alama maoni 1,200 kwa mkono, jioni kwa jioni, na kufunza kitu kidogo cha kizamani, rigresheni lojistiki, juu ya vipande vya herufi na jozi za maneno:

```python
make_union(
  TfidfVectorizer(analyzer="char_wb", ngram_range=(3, 5)),
  TfidfVectorizer(analyzer="word", ngram_range=(1, 2)))
```

Vipande vya herufi vinamaliza ugomvi wa tahajia: mbaya, mubaya, mubayaaa, zote zina "baya" ndani. Lakini `char_wb`, ile inayokata vipande vya herufi, haivuki mpaka wa neno, kwa hiyo peke yake haitaona kwamba "haiko" imesimama mbele ya "mubaya" na kuigeuza. Ndiyo maana nikaongeza jozi za maneno. Yale 200 ya mwanzo sikuyagusa kwenye mafunzo hata mara moja, nikayatumia kupimia tu. Malalamiko yaliyokamatwa yalipanda kutoka 31 hadi 55.

Kejeli zilibaki. Hapo nilichoka na maandishi nikageukia daftari la oda. "Bravo, mumetuwahisha" ni sifa kama pikipiki ilifika baada ya dakika 30, ni tusi kama ilifika baada ya masaa matatu. Maneno ni yaleyale, na hakuna modeli itakayotofautisha kwa kuyakodolea macho. Basi nikaandika sharti moja: maoni yakisomwa kuwa sifa na chakula kilichukua zaidi ya dakika 90, yasihesabiwe kokote, yaende kwa mtu asome. Kwa wiki ilikuwa mistari kumi na kitu, kazi ya kunywa chai moja. Saa ya kutoka na ya kufika mama alikuwa tayari anaziandika, kwa ajili ya kuwalipa vijana wa pikipiki. Duka lako lazima lina kitu cha namna hiyo: tarehe ya kurudisha bidhaa, au mteja aliyesifu halafu hakununua tena.

Na kuna yale ambayo hata sisi wawili tulishindwana. Mteja mmoja aliandika "njo bukari hii?" na emoji ya kupiga makofi. Mimi nikaweka lalamiko, shangazi akaweka sifa. Tulimuuliza mama, akasema: "Huyo ni shemeji yangu, anaandika hivyo kila siku." Tukaweka kundi la tatu, "haijulikani", na kwenye ripoti likabaki na safu yake. Ukiligawa kwa nguvu kati ya sifa na lawama, patroni wako ataanza kucheka tena.