Anayekuagiza Kazi Siye Anayekulipa: Hotuba kwa Wafanyakazi wa Kujitegemea

Hivi karibuni niliombwa kuzungumza kwa dakika chache katika mkutano wa wafanyakazi wa kujitegemea hapa Dar es Salaam, kuhusu makosa ya mwaka wa kwanza na mafunzo yake. Baadhi ya waliohudhuria wameniomba maandishi ya hotuba hiyo, nami nayaweka hapa nikiwa nimeyapanua kidogo.

Ndugu zangu, nitazungumzia kosa moja tu, kwa sababu ndilo lililozaa mengine yote. Katika mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikipatana na mtu aliyeniagiza kazi, bila kumjua mtu atakayeidhinisha malipo.

Ofisa masoko wa kampuni moja alinipa kazi ya kusanifu kijitabu cha kurasa 24 kwa ajili ya Maonesho ya Sabasaba. Tulikubaliana shilingi 1,200,000 kwa mazungumzo ya simu na ujumbe mfupi wa WhatsApp. Niliona inatosha, kwa kuwa tulielewana vizuri na alionekana kuipenda kazi yangu. Rasimu ya kwanza aliisifu. Kisha maoni yakaanza kuja kutoka kwa watu nisiowafahamu: mkuu wa idara hapendi jalada, mkurugenzi anataka picha nyingine, idara ya mauzo imekumbuka bidhaa mbili. Dalili hiyo ichukulieni kwa uzito. Sauti mpya zikiingia baada ya rasimu, mjue kwamba mliyepatana naye hakuwa na kauli ya mwisho juu ya kazi, na huenda hana kauli yoyote juu ya fedha.

Kijitabu kilichapwa, kikagawiwa uwanjani pale Barabara ya Kilwa, nami nilikuwa sijalipwa hata shilingi. Nilipokwenda kudai, mhasibu alinipokea kwa heshima na kuniuliza namba ya LPO, yaani hati ya agizo la ununuzi. Sikuwa nayo. Kwake yeye, kazi ile ilikuwa haijaagizwa. Ilibidi hati iandaliwe upya kwa kazi iliyokwisha kutumika, na kila aliyetakiwa kutia sahihi alikuwa na shughuli nyingine. Nililipwa miezi kadhaa baadaye, na hadi leo naumia nikikumbuka kodi ya nyumba niliyolazimika kuikopea.

Siku hizi, kabla sijafungua kompyuta, ninamwuliza mteja maswali mawili: nani anaidhinisha malipo, na mhasibu anahitaji nyaraka zipi? Kwa kawaida ataniambia LPO, hati ya makabidhiano, ankara na risiti ya EFD, na kila mojawapo ina wakati wake. LPO hutangulia kazi; ikifuata, tayari umekwama.

Halafu ninagawa malipo. Kwa bei ileile ya shilingi 1,200,000, ningedai nusu, yaani 600,000, kabla ya kuanza; 360,000 rasimu ikiidhinishwa; na 240,000 kabla ya kukabidhi faili la kuchapia. Mteja huona rasimu zenye ubora mdogo na alama juu yake, zinazotosha kusoma na kusahihisha lakini hazifai kiwandani. Makubaliano yanataja raundi mbili za marekebisho, na jina la mtu mmoja atakayekusanya maoni ya wenzake wote. Ninakiri kwamba taasisi nyingine haziruhusu malipo ya awali. Kwa hizo, LPO ndiyo kinga yako, na usiikubali kazi hiyo kama huna akiba ya kukufikisha siku ya malipo.

Jambo la mwisho ni kodi ya zuio, ambayo wengi wetu huiona kama fedha iliyopotea. Kampuni inapomlipa mkazi ada ya huduma hukata asilimia 5 na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa makato kuisha. Katika shilingi 1,200,000 utapokea 1,140,000. Zile 60,000 ni kodi yako ya mapato iliyolipwa mapema, na utazihesabu unapowasilisha ritani ya mwaka, ambayo kwa mwaka wa kalenda mwisho wake ni tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Hata hivyo, ili uzidai unahitaji cheti cha kodi ya zuio chenye TIN yako. Kwa hiyo andika TIN kwenye kila ankara, na uombe cheti wiki ileile fedha zinapoingia, wakati mhasibu bado ana faili lako mezani. Mimi nilikiomba mwaka ulipokwisha, mhasibu yule akiwa ameshahama, na aliyempokea hakuiona kumbukumbu yoyote yenye jina langu.