"Macungu" ndiko wapi? Tarehe na namba kwenye dashibodi inayojiandika yenyewe

Kikundi kimoja cha wavuvi hapa Tanga, diko la Sahare, waliniomba niwatengenezee ukurasa wa mapato ya samaki. Kila alfajiri programu inasoma daftari la jana, inapiga hesabu, kisha inaandika upya sentensi zote. Wiki ya kwanza karani wao, dada mkubwa tu kwangu, akanipigia simu: "Mdogo wangu, huko Macungu ndiko wapi?"

Alikuwa anatazama safu ya wanunuzi. Mmoja wao anatoka Marungu, kata ya humu humu Tanga. Kosa lilikuwa langu. Programu ilikuwa inatoa miezi kwa Kiingereza, nami nikajitia ujanja, nikaandika mstari wa kubadilisha maneno baada ya sentensi kukamilika: "Mar" iwe "Mac", "Dec" iwe "Des", na kuendelea. Kompyuta haijui mwezi ni nini. "March" ikawa "Macch", na Marungu ya watu ikawa Macungu.

Tangu siku hiyo sigusi maandishi yaliyokwisha kuandikwa. Tarehe hukaa kama tarehe na namba kama namba hadi hatua ya mwisho kabisa, ndipo hupewa sura ya Kiswahili. Kwa Python natumia maktaba ya Babel, kwa sababu `strftime("%B")`, ukishaita `locale.setlocale(locale.LC_TIME, "")` kama nilivyofanya, hufuata mpangilio wa lugha wa mashine. Kwenye kompyuta yangu ilikuwa sawa, ila seva haikuwekewa Kiswahili, ikarudi "March" bila kulalamika.

```python
from datetime import date
from babel.dates import format_date
from babel.numbers import format_decimal

siku = date(2025, 3, 5)
format_date(siku, "d MMMM y", locale="sw_TZ")  # 5 Machi 2025
format_decimal(1250.5, locale="sw_TZ")         # 1,250.5
```

Herufi `M` nne zinaleta jina zima la mwezi. Tatu zinaleta ufupisho, yaani Mac, Ago, Okt, Des. Usijaribu programu yako kwa mwezi wa tano peke yake: "Mei" ni ile ile fupi na ndefu, kwa hiyo kosa halionekani. Mimi huchapisha miezi yote 12 na kuisoma kwa macho. Angalia pia ile `TZ` mwishoni. Kiswahili cha Kongo, `sw_CD`, hugeuza nukta na mkato, kilo 1,250.5 zikaandikwa 1.250,5, na mtu wa Sahare atasoma kilo moja na robo.

Mkato huo ulinitia hasara nyingine. Ukurasa ulikuwa unalinganisha leo na jana, na jana niliisoma kutoka kwenye sentensi ya jana badala ya daftari. JavaScript ukiipa `parseFloat("1,250")` inakurudishia 1, maana inaishia kwenye mkato. Siku hiyo samaki "waliongezeka" kupita kiasi cha bahari yenyewe. Miezi nayo ukiihifadhi kama majina, grafu itapangwa kwa alfabeti: Agosti, Aprili, Desemba, ndipo Februari. Ukiona grafu inaanza na Agosti, jua kilichohifadhiwa ni neno.

Babel haikuandikii sentensi, na hapa ndipo Kiswahili kinapodai haki yake. Kwetu kipimo hutangulia: kilo 320, shilingi 4,500, asilimia 8, shilingi milioni 1.2. Kiolezo changu cha kwanza nilikinakili kutoka ukurasa wa Kiingereza, kikatoa "320 kilo zimepokelewa". Linaeleweka, lakini hakuna anayesema hivyo dikoni.

Kisha kuna upatanisho. "Boti" haibadiliki kwa umoja na wingi, ila kitenzi kinabadilika: boti 1 imefika, boti 14 zimefika. Mtumbwi unabadilika wote: mtumbwi 1 umefika, mitumbwi 3 imefika. Kwa hiyo siunganishi vipande. Naandika sentensi nzima mbili kwa kila jambo, moja ya umoja, moja ya wingi. Na ya tatu ya sifuri, kwa sababu siku ya upepo wa kusi mkali ukurasa uliandika "Boti 0 zimefika", wazee wakacheka. Sasa unasema "Hakuna boti iliyofika".

Lililobaki lilikuwa saa. Chini ya ukurasa niliweka "Imeandikwa saa 6:10", na karani akauliza mbona inasema saa sita na jua halijachomoza vizuri. Programu ilikuwa inahesabu tangu usiku wa manane. Nimeongeza sita kwenye namba ya saa bila kugusa dakika, na kila inapozidi 12 napunguza 12 hadi isizidi, na sasa inaandika "saa 12:10 asubuhi".