Kioo cha abiria kimekwama chini

"Kioo cha abiria wa mbele kimekwama chini, vingine vinapanda. Fundi wa Kirinyaga Road anasema ni mota. Ninunue?"

Subiri kwanza, ndugu. Magari mengi hutumia fyuzi moja kwa vioo vyote, kwa hiyo fyuzi yako huenda ni nzima.

Toa kava ya mlango. Acha plagi ya mota ikiwa imechomekwa, gusa nyaya zake mbili kwa mita upande wa nyuma, kisha bonyeza swichi ya kupandisha. Ukipata karibu volti 12 na mota imetulia tuli, fundi yuko sahihi. Ukipata sifuri, umeme haufiki kwenye mota: jaribu swichi nyingine inayofanana, halafu vuta ule mpira kati ya mlango na bodi. Nyaya hukatikia humo kwa kukunjwa kila mlango unapofunguliwa.