Barua ya rika ikigeuzwa kuwa ya mzee: anza na vitenzi

Wewe unayeanza kazi ya kuandikia watu barua au kuzihariri, kuna ombi utakaloletewa mara kwa mara. Mtu ana barua aliyomwandikia rafiki yake, sasa anataka ile ile iende kwa baba wa rafiki, au kwa mjomba, au kwa mama fulani anayemheshimu. Anakwambia, "Iweke adabu kidogo tu." Nami kwa miaka ya mwanzo niliiweka adabu pale juu na pale chini, shikamoo mwanzoni na "mwanao" mwishoni, katikati nikaacha kama ilivyokuwa. Barua za namna hiyo humuudhi mzee kuliko zile zisizo na shikamoo kabisa, kwa sababu anaona umemwamkia kisha ukamwamrisha.

Tuchukue mfano wa kijana anayehitaji mdhamini wa mkopo. Kwa rafiki yake aliandika hivi:

"Mambo vipi? Mimi niko poa. Nataka unidhamini kwenye ile fomu ya mkopo. Wewe uliniambia mwezi uliopita kwamba hakuna shida, mbona kimya? Saini haraka unirudishie kabla ya Ijumaa. Nisalimie mkeo na watoto."

Kwa rafiki haina kosa. Rafiki ameshindwa, kijana anaielekeza kwa baba wa huyo rafiki, ambaye naye alikuwa amemwahidi mwezi huo huo, na mwanafunzi wangu mmoja akaigeuza hivi: "Shikamoo Mzee. Tafadhali nataka unidhamini. Wewe uliniambia mwezi uliopita kwamba hakuna shida. Tafadhali saini haraka unirudishie kabla ya Ijumaa." Aliamini "tafadhali" imemaliza kazi. Lakini "tafadhali saini" bado ni amri. Neno hilo likikaa mbele ya kitenzi cha kuamuru halikiondoi, na mara nyingine hukikaza, kama tangazo lililobandikwa mlangoni.

Kiswahili hakina kiwakilishi kimoja cha rika na kingine cha mkubwa. Wote ni "u-". Kwa hiyo heshima inabidi ikae kwingine, na sehemu kubwa inakaa katika kile unachomfanyisha mzee kwa vitenzi vyako. Mimi huchukua kalamu nikapiga mstari chini ya kila kitenzi ambacho mzee ndiye mtendaji. Katika barua ile ya kwanza nilipata vitano: unidhamini, uliniambia, saini, unirudishie, nisalimie. Kisha kila kimoja nakiuliza: hapa namwamrisha, namlaumu, au namtuma?

"Nataka unidhamini" ni rahisi. "Nataka" ya mdogo kwa mkubwa ni nzito, "naomba" inatosha: naomba unidhamini. Wageni wengi hukimbilia "ningekuomba unidhamini" wakidhani ndiyo ya juu zaidi. Ipo na inakubalika, ila kwa maandishi "-nge-" humfanya msomaji angojee sharti. Ungeniomba kama nini? Mzee anaweza kumaliza barua akiwa hajui kama ameombwa au ameambiwa kwamba kijana aliwahi kufikiria kuomba. Kwenye ombi lenyewe tumia "naomba", mara moja tu. Barua yenye "naomba" tano inamfanya mzee atafute ni lipi hasa linalotakiwa.

"Wewe uliniambia" ni lawama, na inatokana na "wewe". Kitenzi tayari kina "u-", hivyo "wewe" likiongezwa linakuwa kidole kilichonyooshwa. Liondoe popote unapolikuta katika barua ya mkubwa. Hata likiondoka, "uliniambia hakuna shida" bado inamkumbusha ahadi kama mtu anayedai deni. Afadhali ahadi igeuzwe kuwa mazungumzo ya wote wawili: "ile fomu tuliyoizungumzia mwezi uliopita". Ataikumbuka mwenyewe. Na "mbona kimya?" inafutwa yote, haina namna ya kuiremba.

"Saini haraka kabla ya Ijumaa" ilinichukua muda kuipatia dawa, maana Ijumaa ni ya kweli na lazima aijue. Ukiificha kwa adabu, fomu itachelewa na mkopo utapotea. Dawa ni kuipa fomu tarehe hiyo, isiwe yako: "Fomu inatakiwa kurudishwa Ijumaa." Sasa anayeharakisha ni karatasi. Neno "haraka" halihitajiki tena, kwani siku imeshasema.

"Unirudishie" na "nisalimie" ni za kumtuma. Mdogo hamtumi mkubwa, basi kazi hiyo ibebe wewe: "nitapita mwenyewe Alhamisi jioni kuichukua". Salamu nazo zitembee zenyewe: "salamu zangu ziwafikie". Na "mkeo" kwa mzee haiandikwi. Ni "Mama", ikiwa ndivyo kijana anavyomwita.

Barua ikatoka hivi:

"Mzee wangu, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, pamoja na Mama na wote nyumbani. Mimi sijambo.

Nimeandika kuhusu ile fomu ya udhamini wa mkopo tuliyoizungumzia mwezi uliopita, ambayo nimeiambatanisha hapa. Naomba unidhamini kwa kuweka saini yako kwenye ukurasa wa pili, mahali nilipotia alama. Fomu inatakiwa kurudishwa Ijumaa, hivyo ukiridhia, nitapita mwenyewe Alhamisi jioni kuichukua. Endapo kuna jambo ungependa nilieleze kwanza, nitakuja siku utakayoniambia.

Salamu zangu ziwafikie Mama na wadogo zangu.

Ni mimi mwanao,"

Tazama "ukiridhia". Neno hilo moja linamwachia mzee nafasi ya kukataa bila kuaibishana, na kumdhamini mtu ni jambo ambalo mtu ana haki ya kulikataa. Barua ya awali haikuwa na nafasi hiyo. Tazama pia kwamba imerefuka, ila haijafika mara tatu. Ukiona yako imekuwa ndefu mara tatu, umeongeza maneno ya heshima badala ya kubadilisha vitenzi.

Kuhusu jina la kumwitia, usilichague wewe. Muulize mwenye barua: mkikutana njiani unamwitaje? Hilo ndilo liandikwe. "Mzee" haimpendezi kila mwanamume mwenye mvi mbili tatu, na "Bibi" inaweza kumzeesha mama ambaye hajafika huko. "Ndugu" ni neno zuri la ofisini, lakini linawaweka watu sawa, kwa hiyo kwa baba wa rafiki linasikika kama umemshusha. "Mheshimiwa" nalo humweka mbali, kana kwamba hamjuani. Katika ukoo, cheo hushinda umri: baba mdogo mliyelingana naye miaka bado ni baba ndani ya barua.

Jina hilo likishapatikana, lina mwenzake mwishoni. Mzee au Mama hupokelewa na "mwanao", Mjomba na "mpwa wako", Babu na Bibi na "mjukuu wako". Nimeona barua inayoanza "Mjomba, shikamoo" na kumalizika "Wako mtiifu", kama ya kuomba kazi. Kabla ya kuitia kwenye bahasha, funika katikati kwa kiganja, usome mstari wa kwanza na wa mwisho peke yake. Kama haviwezi kuwa vimetoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja, rekebisha wa mwisho.