Kabla hujapima AB kwenye picha: kwa walimu wapya wa hesabu

Ninyi mnaoanza kusaidia wanafunzi wa S.3 na S.4 hapa Nakivale, jambo la kwanza mtakalopokea kwenye simu ni picha ya daftari. Karatasi ya grafu wengi hawana, kwa hiyo mtoto huchora miraba mwenyewe kwa rula na kalamu, huweka nukta A na B, hupiga picha na kuandika: "Mwalimu, nitafutie kosa." Nataka niwaonyeshe namna ya kuisoma picha ya aina hiyo, maana mara nyingi hesabu ni nyepesi kuliko usomaji wake.

Nianze na binti mmoja aliyenitumia swali lake jioni. Aliulizwa atafute nukta ya katikati ya AB, umbali wa AB, na mlinganyo wa mstari unaoikata AB katikati kwa pembe mraba. Mstari alikuwa ameuchora kwa bikari, vizuri kabisa, na vialama vya pinde vinaonekana juu na chini ya AB. Akaniandikia: "Shikamoo mwalimu. Pembe nimeipima ni 90, mbona jibu langu halilingani na la wenzangu?"

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilihesabu miraba. Kutoka A hadi B ni miraba 8 kwenda kulia na miraba 3 kupanda, nikaandika kwamba umbali ni kipeuo cha pili cha 73, kama 8.54. Ndipo nikaikuza picha na kuziona namba za mhimili wa kusimama: 2, 4, 6, 8. Kila mraba wa kwenda juu ulibeba vizio 2, na kila mraba wa kwenda kulia ulibeba kizio 1. Kwa hiyo A ilikuwa (-3, 1) na B ilikuwa (5, 7). Zote mbili zilikaa katikati ya mraba kwa urefu, A kati ya 0 na 2, B kati ya 6 na 8. Tangu siku hiyo sihesabu miraba kabla sijasoma namba mbili zinazofuatana kwenye kila mhimili. Namba zikiwa zimekatwa nje ya picha, mwombe mtoto apige nyingine. Usikisie.

Majiranukta yakishapatikana, kazi inakwenda haraka. Nukta ya katikati ni wastani wa namba za x na wastani wa namba za y:

M = ((-3 + 5)/2, (1 + 7)/2) = (1, 4)

Umbali unatokana na kanuni ya Pithagora. Tofauti ya x ni 8, tofauti ya y ni 6:

AB = √(8² + 6²) = √100 = 10

Hapo angalieni alama ya kutoa. Kwenye picha yenye giza, kile kistari kidogo mbele ya 3 hupotea kabisa, na A inageuka (3, 1). Njia ya kujua ni kutazama nukta iko upande gani wa mhimili wa kusimama. Ikiwa kushoto, x ni hasi hata kama kistari hakionekani.

Mteremko wa AB ni 6/8, yaani 3/4. Mstari unaoikata kwa pembe mraba una mteremko uliogeuzwa juu chini na kubadilishwa alama, yaani -4/3, na lazima upite M:

y - 4 = -4/3 (x - 1)
4x + 3y = 16

Sasa turudi kwa bikari ya yule binti. Alipima 90 na hakukosea kupima. Shida ni kwamba mihimili yake miwili ina skeli tofauti, na skeli zikitofautiana pembe mraba ya hesabu haionekani kuwa pembe mraba kwenye karatasi. Ukiuchora mstari wa 4x + 3y = 16 kwenye daftari lake, utakutana na AB kwa pembe ya nyuzi 54 hivi, unaonekana umelala, na mtoto ataapa kwamba si sahihi. Mstari wake wa bikari ulipita M vizuri, kwa sababu nukta ya katikati haiharibiwi na skeli, lakini ulikata mhimili wa x kwenye 1.75 badala ya 4.

Sikumwambia tu kwamba amekosea. Nilimpa kipimo cha kujaribu mwenyewe. Kila nukta iliyo kwenye mstari huo lazima iwe mbali na A sawasawa na ilivyo mbali na B. Nikamwambia achukue (4, 0) na alinganishe kabla ya kutafuta kipeuo cha pili. Mpaka A: 7² + 1² = 50. Mpaka B: 1² + 7² = 50. Zinalingana. Kisha achukue nukta yake, (1.75, 0). Mpaka A alipata 23.5625, mpaka B 59.5625. Akaandika, "Sasa nimeona mwalimu," na baada ya dakika chache akatuma mchoro mpya wenye skeli moja kwa mihimili yote miwili. Safari hii bikari na mlinganyo vilikubaliana.

Kuna jambo la kamera pia. Daftari likiwa mezani na simu imeinama, miraba ya mbali inatoka midogo na ya karibu inatoka mikubwa. Wapo walimu wanaoweka rula juu ya kioo cha simu na kutafuta katikati ya AB. Picha ikiwa imeinama, katikati hiyo ni ya uongo: inasogea kuelekea nukta iliyo karibu na kamera. Pembe nazo huharibika, hata skeli zikiwa sawa. Kisichoharibika ni hiki: mstari ulionyooka unabaki umenyooka, na mahali mistari miwili inapokutana panabaki pale pale. Ndiyo maana tunasoma nukta kwa kufuata mistari ya gridi hadi kwenye namba zake, hatupimi sentimita za kioo.

Kwa sababu hiyo hiyo kuna ukaguzi mmoja ninaoupenda sana, na unafanya kazi hata kwenye picha iliyoinama. Ikamilishe AB iwe mstatili kwa kufuata gridi. Kwa nukta zetu, pembe nyingine mbili ni (5, 1) na (-3, 7). Chora kwa kidole juu ya picha mistari miwili ya mshazari. Inapokatana ndiyo M. Tazama gridi pale ilipokatana: ikiwa si (1, 4), kuna nukta umeisoma vibaya, au mistari ya mtoto imepinda.

Hali moja huwababaisha wageni. A na B zikiwa na y ile ile, kwa mfano (-3, 2) na (5, 2), mteremko wa AB ni 0 na huwezi kuugeuza juu chini. Usihangaike na kanuni. AB imelala, basi mstari unaoutafuta umesimama wima kupitia katikati, na mlinganyo wake ni x = 1 tu. Zikiwa na x ile ile, AB imesimama, na jibu ni y sawa na wastani wa y mbili.