Milango miwili, orodha moja: tiketi za QR kwa shoo ya kulipia

"Wakuu, mwezi ujao nina shoo ya vichekesho hapa Dar, ukumbi wa watu 600, milango miwili. Fundi kaniambia nitume QR kwa WhatsApp, halafu vijana wawili waskani kwa simu zao, kila mmoja na orodha yake ndani ya simu, ili mtandao ukikata kazi iendelee. Niendelee?"

Simamisha hilo zoezi leo, mkuu, kabla hujauza hata tiketi moja. Hizo orodha mbili ndizo zitakazokula pesa yako.

Angalia inavyokuwa. Mtu ananunua tiketi moja yenye msimbo K7QX2M9RTA, anapiga skrinishoti, anamrushia mwenzake. Saa 1:42 usiku yeye anapita mlango A, na simu ya hapo inaandika kuwa msimbo umetumika. Saa 1:43 mwenzake anafika mlango B. Simu ya huko haina habari ya kilichotokea A. Inatazama orodha yake, inakuta msimbo upo na haujaguswa, inatoa kijani. Umeuza kiti kimoja, wameingia wawili, na kijana wako wa mlangoni hana kosa lolote. Baadaye ukihesabu vichwa utaona wamezidi, lakini hutajua umtoe nani, maana kila aliye ndani alipewa kijani. Anayeumia ni aliyelipa halali akachelewa kidogo: anakuta viti vimejaa, anadai pesa yake, na ana haki.

Mafundi wanaouza mpango huu wananiudhi sana, kwa sababu wanamwonyesha mteja majaribio kwa simu moja tu. Kwa simu moja kila kitu huwa sawa: mara ya kwanza kijani, mara ya pili nyekundu, mteja anaridhika na kulipa. Mwambie fundi wako achukue simu mbili, azime data kwenye zote, askani msimbo uleule. Zikitoa kijani zote mbili, usimpe hata shilingi.

Kanuni ni hii: orodha iwe moja, na kuangalia msimbo na kuutia alama viwe tendo moja. Sehemu ya pili ndiyo wengi wanaiacha. Wanaweka orodha kwenye Google Sheets wakidhani wamemaliza, kumbe simu A inasoma "haijatumika", simu B nayo inasoma vilevile kabla A haijamaliza kuandika, na zote zinaruhusu. Usiiache simu ndiyo iamue. Iache hifadhidata iamue, kwa amri moja:

```sql
UPDATE tiketi
SET aliingia = CURRENT_TIMESTAMP, mlango = 'A'
WHERE msimbo = 'K7QX2M9RTA' AND aliingia IS NULL;
```

Jibu likiwa mstari 1 umebadilika, mtu apite. Likiwa 0, msimbo ama haupo ama umeshatumika, na hapo ndipo programu iulize mara ya pili ili ionyeshe sababu. Simu mbili zikituma kwa wakati mmoja, moja itapata 1 na nyingine 0. Haziwezi kupata 1 zote.

Hofu ya mtandao ni ya kweli. Watu mia kadhaa wakikusanyika na simu zao sehemu moja, data inaweza kugoma saa ileile unayoihitaji. Lakini dawa yake si kugawa orodha. Weka laptopu yenye orodha hapo hapo ukumbini, weka ruta ndogo, unganisha simu za milango yote miwili kwenye vaifai ya hiyo ruta. Intaneti haihitajiki kabisa. Kagua kwanza kama mawimbi ya vaifai yanafika mlango wa mbali, kwa sababu kuta nene huyameza. Ruta uiwekee umeme wa akiba; umeme ukikatika laptopu inabaki na betri yake, ruta inazimika.

Hapo kuna mtego mmoja. Kivinjari cha simu hakifungui kamera kwa ukurasa wenye anwani kama `http://192.168.1.10`, kinataka `https`. Fundi aweke cheti na akijaribu kwenye simu zilezile zitakazotumika, siku kadhaa kabla. Au achana na kamera, tumia mashine ya kuskani ya USB iliyochomekwa kwenye laptopu, ambayo huandika msimbo kama vile umeuchapa kwa kibodi. Nunua ile inayosoma QR. Ile ya leza ya kusoma mistari ya bidhaa dukani haiisomi QR hata ukiing'ang'ania.

Kama hata ruta haiwezekani, basi gawa tiketi kwa mlango tangu unapouza: 300 za A, 300 za B, simu moja kila mlango, na orodha ya A isiwe na msimbo hata mmoja wa B. Hapo orodha mbili hazina madhara, kwa kuwa hakuna msimbo ulio kwenye zote. Jina la mlango liandikwe kwa herufi kubwa kwenye tiketi. Atakayekosea atazunguka, na hilo linavumilika. Kwa kasi usiogope: ukikadiria sekunde 8 kwa mtu, pamoja na yule anayehangaika kuitafuta picha kwenye simu, kila mlango unapitisha watu 7 kwa dakika. Wakija 400 ndani ya nusu saa ya mwisho, milango miwili inawamaliza hao kwa chini ya dakika 30.

Msimbo wenyewe usiwe namba za kufuatana. Mwenye SHOO-0141 anaweza kujitengenezea QR ya SHOO-0142, na mwenye 0142 halisi akifika anakuta nyekundu. Tumia herufi za kubahatisha:

```python
import secrets
herufi = "23456789ABCDEFGHJKMNPQRSTUVWXYZ"
print("".join(secrets.choice(herufi) for _ in range(10)))
```

Kwenye QR weka herufi hizo 10 peke yake, bila kiungo cha tovuti. Zikiwa herufi kubwa na tarakimu tupu zinaenea kwenye QR ndogo kuliko zote, ya miraba 21 kwa 21, hata kwa kiwango cha juu cha kusahihisha makosa, yaani H. Miraba ikiwa michache inakuwa mikubwa, na kamera inaisoma haraka hata kwenye kioo kilichopasuka. Kiungo kirefu kinaijaza QR vimiraba vidogo, na foleni inaanzia hapo. Mchora tiketi asiile ile pambizo nyeupe ya kuzunguka QR. Iachwe upana wa miraba 4 kila upande.

Mwambie fundi pia kwamba kamera huusoma msimbo mara mbili mtu akichelewa kuondoa simu, na mgeni halali anaonyeshwa nyekundu sekunde moja baada ya kijani. Programu iupuuze msimbo uleule kwenye simu ileile kwa sekunde 3. Nyekundu ya kweli iseme lini na wapi: "Imeingia 1:42, mlango A". Kijana asibishane mlangoni. Mwenye nyekundu aende meza ya pembeni, ambako kuna mtu mwenye orodha ya malipo, namba za miamala zikiwa zimetoka kwenye taarifa ya akaunti yako mwenyewe. Ujumbe wa M-Pesa anaouonyesha mnunuzi kwenye simu yake usiukubali kama ushahidi, wala usimtumie mtu QR kwa kuuona huo tu.